Kwa Nini VPN Haimfanyi Mtu Asijulikane

Kila simu au kompyuta inayoingia kwenye intaneti hutumia namba iitwayo anwani ya IP. Namba hiyo kwa kawaida huandikwa kwa mafungu manne yanayotenganishwa na nukta, mfano 203.0.113.25, na kazi yake ni kuuelekeza upande wa pili majibu yarudishwe wapi. Mtu aliyeko Mwanza akifungua tovuti ya gazeti, simu yake hutuma ombi kwa kampuni ya simu. Kampuni hulifikisha ombi hilo kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti hiyo, na seva hurudisha ukurasa kwenye anwani iliyouomba. Katika safari hiyo fupi watu wawili wamejua jambo. Kampuni ya simu imejua ni mteja wake yupi aliyekwenda kwenye tovuti ipi na saa ngapi. Tovuti nayo imeiona anwani, na kwa kuiangalia tu inaweza kutambua kampuni iliyoitoa, nchi, na mara nyingine hata mji kwa makadirio.

VPN huingia katikati ya hao wawili. Mtumiaji huweka programu ya VPN kwenye simu, na tangu hapo kila ombi hufungwa kwanza kwa herufi zisizosomeka na asiye na ufunguo, kisha hupelekwa kwenye seva ya kampuni ya VPN, pengine iliyoko Uholanzi. Seva hiyo hulifungua ombi na kulipeleka kwenye tovuti kwa anwani yake yenyewe. Jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Ni kama barua iliyotiwa ndani ya bahasha ya pili na kutumwa kwa mtu wa Amsterdam: yeye huchana bahasha ya nje, huona jina la mpokeaji halisi, na kuituma upya kwa jina lake. Posta ya Mwanza inaona tu barua inayokwenda Amsterdam, na mpokeaji anaona tu barua iliyotoka Amsterdam. Lakini mtu wa Amsterdam ameona pande zote mbili.

Faida za mpango huu ni za kweli. Katika mtandao wa bure wa hoteli au stendi ya basi, mwenye mtandao huo hawezi tena kufuatilia tovuti ambazo mgeni anazitembelea. Na pale tovuti inapofungwa ndani ya nchi, VPN humtoa mtumiaji nje ya lango lililofungwa. Waganda wengi waliijua VPN kwa njia hiyo tangu Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na tena Januari 2021 mitandao hiyo ilipofungwa wakati wa uchaguzi mkuu. Hapo ndipo imani potofu ilipopata mizizi. Watu waliona VPN ikiwavusha penye kizuizi, wakaamini kwamba imewaficha pia. Kuvuka kizuizi ni jambo moja, kutojulikana ni jambo jingine kabisa, na VPN ilibuniwa kwa ajili ya kulinda mawasiliano ya ofisi, haikubuniwa kufuta utambulisho wa mtu.

Kampuni ya simu ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ndiyo ambayo watu wengi hudhani wameikwepa. Ni kweli kwamba haioni tena tovuti anazozifungua mteja. Hata hivyo inaona kwamba simu yake imeunganishwa na seva fulani ya nje, inaona saa ya kuanza na ya kumaliza, na inahesabu ukubwa wa data zilizopita, maana bando lazima lipungue. Anwani za seva za VPN nyingi zinajulikana, hivyo si kazi ngumu kutambua kwamba mteja huyu anatumia VPN. Na mteja huyo ni nani? Tanzania laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na kuunganishwa na kitambulisho cha taifa. Kenya na Uganda nako laini husajiliwa kwa kitambulisho. Kwa hiyo mwanzo wa njia unabaki na jina kamili la mtu. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo ikiwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Agizo kama hilo lina maana kwa sababu tu utumiaji wa VPN wenyewe unaonekana.

Kuonekana kwamba mtu anatumia kifaa cha kujificha kunaweza kumtosha mpelelezi, hasa pale watumiaji wanapokuwa wachache. Mfano maarufu ulitokea Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Desemba 2013. Mwanafunzi mmoja alituma barua pepe ya kitisho cha bomu ili mtihani uahirishwe. Hakutumia VPN, alitumia Tor, mtandao unaopitisha ujumbe kwenye vituo vitatu ili pasiwepo kituo kimoja kinachojua mwanzo na mwisho. Kwa kujificha, Tor ni imara kuliko VPN. Lakini alikuwa ameingia kwa mtandao wa chuo wenyewe, ambao humtaka mwanafunzi ajitambulishe. Wapelelezi waligundua kwamba barua imepitia Tor, wakauliza ni nani katika mtandao wa chuo alikuwa akitumia Tor saa zile, wakamfikia. Alipohojiwa alikiri. Hakuna aliyevunja siri ya Tor. Walilinganisha saa tu.

Kituo cha pili ni kampuni ya VPN yenyewe, na hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Kila kitu ambacho kampuni ya simu ilikuwa ikikiona, sasa kampuni ya VPN inakiona: anwani halisi ya mteja, tovuti anazokwenda, na saa. Tovuti nyingi za leo, zile ambazo anwani zake huanza na https, hufunga maudhui yake zenyewe, kwa hiyo kampuni ya VPN haisomi nenosiri wala ujumbe ulioandikwa humo. Lakini kujua kwamba mtu amefungua tovuti ya hospitali ya magonjwa fulani usiku wa manane ni kujua mengi, hata bila kusoma neno alilolitafuta. Mtumiaji hajaondoa jicho lililokuwa likimtazama. Amelihamisha kutoka kampuni yenye ofisi mjini kwake na inayobanwa na sheria za nchi yake, akalipeleka kwa kampuni ambayo huenda hajui hata iko nchi gani.

Wengine hawahitaji hata kubanwa na polisi ili waziuze habari hizo. Facebook iliinunua kampuni ya Kiisraeli iitwayo Onavo mwaka 2013. Programu yake, Onavo Protect, ilitolewa bure kama VPN ya kumlinda mtumiaji. Wakati huohuo ilikusanya taarifa za programu ambazo watu walizitumia kwenye simu zao na muda waliokaa humo, na taarifa hizo zikaisaidia Facebook kuwachunguza washindani wake. Apple ilisababisha iondolewe kwenye duka lake Agosti 2018, na mwaka uliofuata Facebook yenyewe ikaiondoa kwenye duka la Google. Julai 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni mbili tanzu za Meta zilipe jumla ya dola milioni 20 za Australia kwa kutowaeleza wateja waziwazi jinsi taarifa zao zilivyotumika. Seva na njia za intaneti zina gharama kila mwezi. VPN ya bure inayohudumia mamilioni ya watu lazima ilipiwe na mtu fulani kwa kitu fulani, na mtumiaji anayo haki ya kuuliza kitu hicho ni nini kabla ya kuiweka kwenye simu.

Hata tovuti iliyo mwisho wa safari haihitaji anwani ya IP ili kumtambua mgeni. Ishara iliyo wazi kuliko zote ni akaunti. Mtu akiwasha VPN ya Uholanzi kisha akaingia Facebook, Gmail au benki kwa jina lake na namba yake ya simu, tovuti hizo zinajua ni yeye. Kilichobadilika ni kwamba zinadhani yuko Amsterdam, na benki huenda ikaifunga akaunti kwa hofu ya wizi. Makosa haya hufanywa kila siku na watu wenye akili timamu, kwa sababu alama ndogo ya ufunguo juu ya skrini huwapa utulivu ambao haustahili.

Ishara ya pili haionekani. Tovuti huacha ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, faili ndogo zinazoitwa vidakuzi. Kila kidakuzi huweza kubeba namba ya pekee. Mtu akisoma gazeti asubuhi bila VPN, tangazo lililo kwenye ukurasa huo huweza kumwekea namba. Jioni akiwasha VPN na kufungua tovuti nyingine yenye matangazo ya kampuni ileile, kivinjari huweza kuirudisha namba ileile. Kwa kampuni ya matangazo huyo ni mtu mmoja aliyeonekana Mwanza asubuhi na Uholanzi jioni, na VPN haikuzuia chochote kwa sababu kazi yake ni kubeba mzigo, haifungui wala kuuchambua. Ndani ya mzigo ndimo namba ilimokaa.

Vidakuzi vinaweza kufutwa. Lakini kivinjari chenyewe kina sura. Kila kinapofungua ukurasa, kinaeleza aina na toleo lake, lugha iliyochaguliwa, saa za eneo, na vipimo vya skrini. Ukurasa pia unaweza kuchunguza mitindo ya herufi iliyomo na jinsi kifaa kinavyochora picha. Kila moja ya taarifa hizi ni ya kawaida, lakini zikiunganishwa mara nyingi hazifanani na za mtu mwingine. Mwaka 2010 shirika la Marekani la kutetea haki za kidijitali, EFF, lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vivinjari vipatavyo 470,000 vilivyotembelea tovuti yake ya majaribio. Asilimia 83.6 vilikuwa na mchanganyiko wa sifa ambao haukuonekana kwa kivinjari kingine chochote katika kundi lile. Vivinjari vimebadilika tangu wakati huo, na baadhi sasa hupunguza wanachokisema, lakini kanuni ni ileile. Na kuna jambo linalowagusa moja kwa moja wasomaji wa lugha hii: kivinjari kilichowekwa Kiswahili na saa za Afrika Mashariki, kinachofika kwa anwani ya Uholanzi, kinajitenga na umati badala ya kujichanganya nao.

Simu ina ziada yake. Programu iliyopewa ruhusa ya kujua mahali husoma satelaiti za GPS na majina ya mitandao ya waifai iliyo karibu, na VPN haibadilishi hata kimoja kati ya hivyo. Minara ya simu nayo inajua kifaa kiko karibu na mnara upi muda wote laini inapokuwa hewani.

Mpaka hapa imechukuliwa kwamba VPN inafanya kazi kama ilivyoahidiwa. Mara nyingine haifanyi. Kabla ya kufungua tovuti yoyote, simu huuliza kwanza jina la tovuti hiyo lina anwani gani. Swali hilo hujibiwa na huduma iitwayo DNS, ambayo ni daftari la majina ya mtandao. Ikiwa programu ya VPN imetengenezwa vibaya, swali hupelekwa kwa DNS ya kampuni ya simu nje ya njia iliyofungwa, na kampuni husoma orodha ya majina ya tovuti kana kwamba hakuna VPN. Kosa jingine hutokea mtandao unapokatika kidogo: VPN inaanguka, simu inaendelea kutuma kwa njia ya kawaida, na mtumiaji hajui. Programu nzuri huwa na sehemu ya kuzima intaneti yote pale VPN inapoanguka, lakini kwenye baadhi yake sehemu hiyo huja ikiwa imezimwa, na ni lazima iwashwe kwa mkono. Kujipima si kugumu. Mtu afungue ukurasa unaoonyesha anwani ya IP kabla ya kuwasha VPN, aiandike, awashe VPN, aufungue tena. Anwani ikibaki ileile, VPN haifanyi kazi. Kisha afungue ukurasa wa kupima DNS. Likitokea jina la kampuni yake ya simu, maswali yake yanavuja.

Namna ishara hizi zinavyokutana inaonekana vizuri katika kesi ya Ryan Lin, kijana wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 2016 alihamia katika nyumba ya kupanga iliyokuwa na wapangaji wengine, akaingia bila ruhusa kwenye akaunti za mtandaoni za mwanamke mmoja waliyekuwa wakiishi nyumba moja. Alichukua picha zake na maandishi yake ya siri, akayasambaza kwa familia yake, marafiki na watu wa kazini kwake. Mateso hayo yaliendelea hata baada ya mwanamke huyo kuhama, na yakafikia vitisho vingi vya uongo vya mabomu dhidi ya shule na maeneo mengine ya eneo hilo. Lin alikuwa na elimu ya kompyuta. Alitumia Tor, VPN zaidi ya moja, huduma za ujumbe zisizohitaji jina, na barua pepe za nje ya nchi. Kwa muda mrefu polisi wa eneo hilo hawakuweza kuthibitisha kwamba ni yeye.

Uchunguzi wa FBI haukuhitaji kuvunja kufuli la VPN. Kwanza, aliyekuwa mwajiri wa Lin alikuwa amemfukuza kazi na kuisafisha kompyuta yake kwa kuweka mfumo mpya, lakini mabaki ya mafaili ya zamani yalikuwa bado kwenye diski. Yalionyesha kwamba programu ya PureVPN ilikuwa imewekwa humo, VPN ileile iliyotumika katika mateso hayo. Pili, kumbukumbu za Gmail zilionyesha kwamba akaunti ya Lin mwenyewe na akaunti ya jina bandia ziliingiliwa kutoka anwani zilezile za huduma nyingine ya VPN. Anwani moja ya VPN hutumiwa na watu wengi, hivyo kukutana huko peke yake hakumtii mtu hatiani, lakini kulisogeza jina bandia karibu kabisa na jina halisi. Tatu, PureVPN, ambayo ilikuwa ikijitangaza kwamba haihifadhi kumbukumbu za shughuli za wateja, iliweza kuwaeleza wapelelezi kwamba mteja mmoja aliingia kwenye huduma yake kutoka anwani mbili: moja ya nyumba alimokuwa akiishi Lin, nyingine ya ofisi alimokuwa akifanya kazi. Alikamatwa Oktoba 2017, akakiri makosa mwaka uliofuata, na Oktoba 2018 akahukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu.

Mwanamke yule alistahili haki hiyo, na ilichelewa. Kwa msomaji anayetaka kuielewa VPN, kesi hii inafundisha kusoma ahadi kwa makini. Kampuni nyingi husema hazihifadhi kumbukumbu, lakini kumbukumbu ni za aina mbili. Zipo za shughuli, yaani tovuti zilizofunguliwa, na zipo za kuunganishwa, yaani anwani ya mteja na saa ya kuingia. Kampuni huweza kusema kweli kuhusu aina ya kwanza huku ikihifadhi ya pili, na ya pili ndiyo iliyomfunga Lin. Ajabu ni kwamba mwenyewe aliwahi kuandika kwenye Twitter kwamba hakuna VPN isiyohifadhi kumbukumbu.

Alikosea kidogo, kwa kuwa zipo kampuni ambazo ahadi yao imejaribiwa. Aprili 2023 polisi wa Uswidi walifika katika ofisi za Mullvad, mjini Gothenburg, wakiwa na hati ya upekuzi inayowaruhusu kuchukua kompyuta zenye taarifa za wateja. Kampuni hiyo haiombi jina wala barua pepe, humpa mteja namba tu, na iliwaeleza polisi kwamba taarifa wanazozitafuta hazipo. Waliondoka mikono mitupu. Anayehitaji VPN kwa sababu nzito na atafute kampuni ya namna hiyo, asome kinachohifadhiwa na kwa muda gani, na atenganishe kivinjari cha shughuli hizo na kile anachoingilia akaunti zake. Bado mteja wa Mullvad aliyefungua Gmail yake siku ile ya upekuzi alikuwa ameshajitambulisha kwa Google kwa jina lake, na polisi wenye hati wangeweza kwenda kuuliza huko.